Nani Huamua Mtoto Aachwe Afanye Mwenyewe?

Katika chuo cha Kurani cha pwani yetu, mwalimu husoma aya, mwanafunzi akaifuatisha, kisha akaenda kuirudia peke yake au mbele ya mwenzake aliyemtangulia. Kesho yake hukaa mbele ya mwalimu na kusikilizwa. Akikosea herufi moja, anarudishwa pale pale. Wawili walioanza siku moja wanaweza kuachana kwa sura nzima bila yeyote kuona ajabu, kwa sababu hakuna kengele inayowavusha pamoja.

Mwaka 1983, Wamarekani Pearson na Gallagher, wakiandika kuhusu ufundishaji wa ufahamu wa kusoma, walieleza njia inayofanana sana na hiyo: mwalimu anatenda huku wanafunzi wakitazama, kisha wanatenda pamoja, kisha mwanafunzi anatenda mwenyewe, na mzigo unahama kidogo kidogo. Nyuma yao kulikuwa na utafiti wa Wood, Bruner na Ross wa 1976, ambamo mtu mzima mmoja alimsaidia mtoto mmoja kujenga piramidi ya vipande vya mbao. Mtoto mmoja kwa mtu mzima mmoja: hali hiyo ni ya chuoni hasa. Ugumu unaanza pale wazo hilo linapopelekwa kwenye darasa la watoto 60 na kipindi cha dakika 40.

Tuchukue somo la kutoa kwa kukopa, darasa la tatu. Mwalimu anaandika 52 − 27 ubaoni na kufikiri kwa sauti: “Kwenye mamoja nina mbili, natakiwa kutoa saba. Hazitoshi. Nafungua fungu moja la kumi. Sasa nina makumi manne na mamoja kumi na mawili.” Anapata 25. Wengi huongeza mfano wa pili unaofanana na huu, na hapo ndipo wanapojikwaa. Mfano wa pili uwe 58 − 23, ambao hauhitaji kukopa, na mwalimu aseme wazi kwa nini hakopi. Kinachofundishwa hapa ni kuamua kama kuna haja ya kukopa. Mtoto aliyeona mifano ya kukopa tu atakopa hata pasipostahili.

Kisha inakuja hatua ya kufanya pamoja, na kwa maoni yangu hii ndiyo inayoandaliwa vibaya kuliko zote. Mwalimu anauliza, “Tunakopa au hatukopi?” Darasa linaitika, “Tunakopaaa!” Sauti ni kubwa, lakini ni ya watoto kumi waliojua na hamsini waliowafuata. Chuoni nako kuna kuitikia pamoja, lakini hakuna anayehesabiwa kuwa amehifadhi kwa sababu aliitikia. Lazima asikilizwe peke yake.

Darasani, usikilizaji huo unawezekana kwa swali moja lililochaguliwa vizuri. Baada ya kufanya 63 − 28 pamoja, kila mtoto aandike jibu la 71 − 46 kwa tarakimu kubwa na kuliinua juu. Jibu ni 25. Atakayeinua 35 amejieleza mwenyewe: kwenye mamoja ametoa 1 kwenye 6, ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Huyo hakukosea kuhesabu. Bado hajaona kwamba mamoja hayatoshi, na kumpa maswali kumi ya kufanya mwenyewe ni kumpa nafasi kumi za kuzoea kosa.

Wajapani wana desturi inayosaidia hapa. Andalio lao la somo mara nyingi huwa na safu ya majibu ambayo mwalimu anatarajia kutoka kwa watoto, yakiwemo yale yasiyo sahihi, pamoja na atakachofanya akiyakuta. Katika masomo mengi ya hisabati wao pia hugeuza mpangilio wenyewe: swali linatangulia, watoto wanahangaika nalo, mwalimu anazunguka kati ya madawati akichagua kazi za kuonyesha, ndipo njia zao zinajadiliwa mbele ya wote. Mpangilio huo unafaa pale watoto wanapokuwa na cha kuanzia. Waliozoea kufunga na kufungua vijiti kumi kumi wanaweza kuigundua njia ya kukopa. Wasiowahi kushika vijiti watakisia, na muda utakwisha.

Kwa hiyo kwenye andalio nisingeandika “dakika 15, kazi binafsi” tu. Ningeandika 71 − 46, chini yake 25 na 35, na mbele ya kila jibu hatua inayofuata. Wa 25 waendelee na maswali mchanganyiko, ya kukopa na yasiyo ya kukopa, likiwemo 40 − 18, ambalo sifuri yake huwatega hata walioelewa. Wa 35 waje mbele na vijiti, waunde 71, kisha waambiwe watoe sita kutoka kwenye kijiti kimoja kilicho nje ya mafungu. Wakiwa zaidi ya nusu ya darasa, kazi binafsi ingoje kipindi cha kesho, hata kama andalio lilishasainiwa.