Kumpokea Haji: Dua ya Marejeo na Pepo za Bahari

Katika kitabu chake cha nyiradi na dua, Al-Adhkar, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amenakili habari ya kijana mmoja aliyemwaga Mtume Muhammad akienda kuhiji. Kijana aliporudi na kutoa salamu, Mtume alimwombea mambo matatu: Mungu aipokee hija yake, amsamehe dhambi zake, na amrudishie alichokitumia njiani. Leo, kwenye baraza zetu za pwani, sehemu ya kwanza ya dua hii imebaki hai katika "Hajj mabrur" na "Mungu aitakabalie hija yako". Jambo la tatu, la kurudishiwa gharama, husikika kwa nadra. Kwangu mimi ndilo linaloeleza vyema zaidi jinsi wazee wetu walivyosafiri, nami ningependa lirudi vinywani mwetu.

Chombo cha matanga kutoka Kilwa, Mombasa au Unguja kilipanda kaskazini kwa upepo wa kusi na kurudi kwa kaskazi, unaovuma tangu Desemba hadi Machi. Hija nayo hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo kila mwaka husogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja na kuziacha pepo mahali pake. Kuna miaka viwili hivi vilipatana, na kuna miaka vilipishana vibaya.

Tuchukue hija ya mwanzoni mwa Agosti 1824. Aliyetweka tanga Mombasa mwezi wa Aprili, kusi ilipoanza, aliwahi Arafa, akangoja kaskazi ya Desemba katika bandari za Uarabuni, akaonana na watu wake baada ya miezi tisa au kumi. Sasa tazama hija ya katikati ya Februari 1840. Hapo msafiri alilazimika kuondoka na kusi ya mwaka 1839, kisha angoje huko miezi kadhaa kabla ya siku ya Arafa. Akimaliza ibada, kaskazi imebakiza wiki chache tu, na bado hajatoka Jidda kuiteremka Bahari ya Shamu, ambako upande wa kusini pepo za majira hayo humpiga usoni. Akiikosa kaskazi hiyo, alingoja hadi Desemba nyingine. Huyo alitoka nyumbani mwaka 1839 na pengine akarudi mwanzoni mwa 1841. Muda wote huo alikula, alilala na kuvaa kwa fedha yake. Mkewe na wanawe nao walihitaji masurufu ya kuwatosha, kwa sababu sheria haimwajibishi hija asiyeweza kuwaachia matumizi anaowalisha. Jamaa aliyempokea gatini akamwombea arudishiwe matumizi yake alijua vizuri anachokiomba.

Hata wafalme walikuwa na la kuhofia nyuma yao. Tarikh ya Kilwa inasimulia kwamba al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331, alikaa Aden miaka miwili akisoma, kisha akaenda kuhiji. Nduguye Daud alishika ufalme kwa niaba yake. Al-Hasan aliporejea, Daud alimwachia kiti chake. Sijui pongezi gani ya ndugu kwa ndugu ingeweza kuzidi hiyo.

Meli za moshi zilivunja utawala wa pepo. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia mwisho wa 1872 meli za barua za kampuni ya British India ziliunganisha Unguja na Aden. Hata hivyo safari fupi ilikuja na hofu yake. Kipindupindu kilizuka Makka mwaka 1865, na daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi wimbi hilo lilivyofika hadi Afrika Mashariki. Mwaka 1882 dola ya Uthmania ikafungua karantini katika kisiwa cha Kamarani kwa mahujaji wanaopita Bahari ya Shamu. Mwenye kurudi salama alipongezwa pia kwa uhai wake.

Siku hizi ndege huleta mahujaji kwa saa chache, na jamaa hujaa uwanjani. Desturi ya kumpa haji mkono na kumwomba atuombee maghufira kabla hajaingia kwake ingalipo. Hadithi inayotaja sharti hilo la kabla ya kuingia imedhoofishwa na wanazuoni, lakini kumwomba dua ni jambo jema wakati wowote. Aliyetoka umra haambiwi "Hajj mabrur". Yeye huombewa umra yenye kukubaliwa. Na kwa shangazi aliyeuza ng'ombe wake, au aliyeweka akiba miaka mingi apate nauli, ningesema hivi:

"Karibu nyumbani, shangazi, Hajj mabrur. Mwenyezi Mungu aitakabalie hija yako, akughufirie, na kila ulichokitoa akulipe kwa kheri na afya. Nasi tulio hapa, utuombee."

Naye huitikia "Amin, nanyi awajaalie mfike," kisha hufungua dumu la zamzam na kuanza kuwamiminia wakubwa.