Nguzo Isiyobeba

Fundi wa kuezeka mjini Babati hahangaiki kutafuta majina ya mbao. Papi ndizo zinazopigiliwa bati, mtambaapanya ndio uliolazwa juu ya ukuta, na ile mbao inayosimama katikati ya kenchi, kutoka kileleni hadi mbao ya chini, huitwa nguzo. Jina hilo la mwisho lina neno la kuulizwa. Nguzo hubeba kilicho juu yake, nayo husimama juu ya kitu imara. Hii imesimama juu ya mbao ambayo chini yake ni hewa tupu ya chumba. Inabeba nini?

Tuihesabu kwa njia ya viungo, yaani tukipitia kila mahali mbao zinapokutana na kudai kwamba kani za pale zifutane, za wima kwa za wima na za mlalo kwa za mlalo. Tuchukue kenchi ya ukumbi wenye upana wa mita 8. Miguu yake ni A na B juu ya kuta, kilele C kipo mita 3 juu, na D ni katikati ya mbao ya chini. Kila mbao ya mteremko ina mita 5. Bati na papi zinabonyeza C kwa kilonyutoni 4. Dari iliyofungwa chini inavuta D kwa kilonyutoni 2. Kilonyutoni moja ni karibu uzito wa mifuko miwili ya saruji. Mzigo wote ni 6, na kwa kuwa pande zinafanana, kila ukuta unasukuma juu kwa 3.

Kabla ya kuanza, tunakubaliana jambo moja: kila mbao tuichukulie kuwa inavutwa. Jibu likiwa chanya, inavutwa kweli. Likiwa hasi, inakandamizwa. Katika maongezi ya kila siku hasi ni ubaya. Hapa haina lawama yoyote, inasema tu kwamba kani inaelekea kinyume na tulivyodhani.

Tuanze A, penye mbao mbili tu zisizojulikana. Mbao ya mteremko hupanda mita 3 katika urefu wa mita 5, kwa hiyo sehemu yake ya wima ni 0.6 ya kani yake, na ya mlalo ni 0.8:

3 + 0.6 × AC = 0, hivyo AC = −5
0.8 × (−5) + AD = 0, hivyo AD = +4

Mteremko unakandamizwa na mbao ya chini inavutwa. Upande wa B ni vivyo hivyo. Sasa twende D. Kwa mlalo, 4 ya kushoto na 4 ya kulia zinafutana. Kwa wima kuna dari inayovuta chini kwa 2, na kitu pekee cha kuishikilia ni nguzo. Hivyo DC = +2. Chanya! Nguzo inavutwa. Haibebi kilele hata kidogo. Yenyewe imening'inia kileleni, nayo imeshika dari.

Kiungo C hatujakigusa, na tumekiacha makusudi kiwe shahidi. Miteremko miwili inakisukuma juu kwa 0.6 × 5 mara mbili, yaani 6. Bati inakibonyeza kwa 4 na nguzo inakivuta chini kwa 2. Zinafutana. Lakini mtu akiliamini jina na kuandika −2, nguzo itakuwa inasukuma C juu, na zitabaki kilonyutoni 4 zisizo na wa kuzizuia. Baki kama hiyo huonyesha kwamba alama fulani imegeuzwa.

Upepo mkali nao hugeuza alama. Tuseme unainua C kwa 8 baada ya kutoa uzito wa bati. Hapo AC inakuwa +5, AD −4, na kila ukuta unatakiwa kuivuta kenchi chini kwa 3. Nguzo inabaki +2, maana kani yake hutokana na dari peke yake. Mbao ya chini, iliyokuwa ikivutwa, sasa inaweza kupinda kwa kukandamizwa, na mtambaapanya usiofungwa ukutani hung'oka.

Hesabu hii ina mpaka wake. Inadhani mizigo yote iko kwenye viungo. Papi iliyopigwa katikati ya mteremko huupinda pia, na njia ya viungo haioni kupinda huko.

Jina nguzo halitabadilika, wala halina haja. Ila kwenye mchoro liandikiwe +2 pembeni, kwa sababu kitu kinachobeba kinatosha kukalishwa, lakini kinachoning'inia lazima kifungwe. Misumari iliyopigwa kwenye ncha za mbao, kufuata nyuzi zake, huchomoka upesi ikivutwa. Kipande cha bamba la chuma kipite chini ya mbao ya D, kipandishwe pande zote mbili za nguzo, kipigiliwe ubavuni mwake. Na kileleni nguzo ifungwe hivyo hivyo na miteremko.