Barua ya kuomba matengenezo: taja ubovu mmoja mmoja na tarehe yake

Msikilizaji wetu mmoja, mpangaji wa chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, alituletea barua ya kurasa mbili aliyotaka kumpelekea mama mwenye nyumba. Tuliisoma mara mbili kabla ya kujua bati linavuja wapi. Ukurasa wa kwanza ulihusu simu zisizopokelewa, na wa pili ulimhusu mpwa wa mama huyo anayekuja kukusanya kodi kwa maneno makali. Huenda yote ni kweli, lakini hakuna fundi anayeweza kuyatengeneza. Tukakaa naye, tukaanza kukata.

Tulibakiza ubovu wenyewe tu. Aliandika "nyumba imechoka", tukamuuliza imechoka wapi. Yakatoka mambo manne: bati, swichi kuu, choo na kioo cha dirisha. Kioo alikivunja mwanawe kwa mpira, kwa hiyo tulikitoa, hicho ni chake kulipa. Ukikichanganya humo, mwenye nyumba atakishika hicho hicho na kuacha mengine.

Matatu yaliyobaki ni ya mwenye nyumba. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inasema kuwa anayepangisha sehemu tu ya jengo ndiye wa kutunza paa, kuta kuu na sehemu na vifaa vinavyotumiwa na wote, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Kwa hiyo soma mkataba wako kwanza, hata kama ni karatasi moja ya daftari.

Kisha tarehe. Yeye aliandika "haraka iwezekanavyo", maneno ambayo kila mtu huyapima kwa saa yake. Sisi tulijiuliza maswali mawili kwa kila ubovu: una hatari gani, na kazi yenyewe inahitaji nini? Swichi inayotoa cheche inaweza kuunguza nyumba usiku huu, na fundi umeme huimaliza kwa saa chache, kwa hiyo siku mbili zinatosha. Choo kinahitaji kutafuta gari la kunyonya maji taka na kukusanya fedha, tukakipa wiki moja. Kama gari halifiki kwenu na lazima lichimbwe shimo jipya, wiki moja ni uonevu. Bati linahitaji vifaa na siku kavu. Tulilipa wiki tatu, maana ilikuwa mwanzoni mwa Februari na masika huanza Machi.

Barua ikawa hivi:

3 Februari 2025

Mama Mwenye Nyumba,

Shikamoo.

YAH: MATENGENEZO, CHUMBA NAMBA 4

Naomba yafanyiwe kazi mambo haya:

1. Swichi kuu ya korido inatoa cheche tangu 1 Februari. Tumeizima, vyumba vyote havina umeme. Naomba itengenezwe kufikia Jumatano, 5 Februari.

2. Choo cha pamoja kimejaa, imebaki chini ya nusu mita kufika juu. Naomba kinyonywe kufikia Jumatatu, 10 Februari.

3. Bati linavuja juu ya kitanda, kwenye maungio karibu na ukuta wa nyuma, tangu mvua za Desemba. Misumari imelegea. Naomba litengenezwe kufikia Jumatatu, 24 Februari.

Fundi anaweza kuingia siku yoyote baada ya saa kumi jioni. Kama tarehe yoyote haiwezekani, naomba unijulishe kwa maandishi siku utakayoweza.

Mpangaji wako,
(jina, saini na namba ya simu)

Angalia sentensi ya fundi kuingia. Tuliiongeza sisi, kwa sababu kisingizio cha kawaida ni "nilimtuma fundi, akakuta mlango umefungwa". Sentensi tuliyoikata na yeye akasita ni ile ya "la sivyo silipi kodi". Ukigoma kulipa, shauri linageuka: wewe ndiye unayedaiwa, na bati linasahaulika.

Andika nakala mbili. Moja ampe mama, ya pili mama aiandike "nimepokea", tarehe na saini, na ubaki nayo. Akikataa kusaini, mwombe jirani aliyeshuhudia aandike jina lake. Kama anaishi mbali, mtumie maneno hayo hayo kwa ujumbe wa simu, usiufute, na uambatanishe picha za kila ubovu zilizopigwa siku hiyo.

Tarehe ikipita kimya, usianze barua mpya yenye hasira. Andika mistari miwili inayotaja barua ya kwanza na jambo lisilofanyika, kisha uzichukue zote mbili hadi kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji aitishe kikao. Msikilizaji wetu hakufika huko kwa swichi, kwani ilibadilishwa Jumanne. Choo kilichelewa siku nne, na mama alimwandikia ujumbe kabla ya tarehe kupita. Kuhusu bati, fundi alipanda tarehe 22 na kupigilia misumari mipya yenye mipira.