Ibara Iliyohama

Nyarutarama, tunakofundisha Kiswahili, na Kimihurura, lilipo jengo la Bunge la Rwanda, ziko katika wilaya moja ya Gasabo. Labda ndiyo sababu wanafunzi wetu hupenda kujizoeza kufasiri miswada ya sheria. Humo tumejifunza kwamba kigumu si msamiati, bali tarakimu.

Tuchukue mfano unaotuhusu wenyewe. Katika Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003, habari za lugha zilikuwa katika ibara ya 5. Katiba iliporekebishwa kwa kura ya maoni ya Desemba 2015, habari hizo zilihamia ibara ya 8, nayo ikaongezewa kwamba sheria ya kimsingi, yaani ile inayosimama kati ya Katiba na sheria za kawaida, yaweza kuongeza au kuondoa lugha rasmi. Kwa mlango huo ndipo Kiswahili kilipoingia, kwa sheria ya tarehe 20 Aprili 2017.

Sasa, mfasiri akitegemea nakala ya zamani, ataandika “kwa mujibu wa ibara ya 5”. Sentensi itakuwa sanifu, na msomaji hatashtuka. Lakini akiifungua Katiba mpya hatakuta neno juu ya lugha. Kosa la sarufi husikika likisomwa kwa sauti. Hili halisikiki.

Kuna mtego mwingine, nao twauona ni mbaya zaidi. Ibara hiyo ya 8 ina aya tatu zisizo na namba: ya kwanza yataja lugha ya taifa, ya pili lugha rasmi, ya tatu ruhusa ya kuongeza au kuondoa. Mwanafunzi apendaye mtiririko ataziunganisha mbili za mwanzo kwa “na”. Kiswahili chake kitapendeza, ila “aya ya tatu ya ibara ya 8” haitakuwapo tena. Kwa hiyo mipaka ya aya haiguswi. Anayetaka kurefusha au kukata sentensi na afanye hivyo ndani ya aya.

Majina ya ngazi nayo yashikwe vivyo hivyo. Tanzania husema “ibara” kwa Katiba na “kifungu” kwa sheria za kawaida. Muswada ukitaja vyote viwili, mfasiri akivichanganya, msomaji hajui afungue kitabu kipi.

Darasani twafanya hivi. Kabla ya kufasiri, kila rejeo huandikwa pembeni: lilipo, linakoelekeza, na maneno machache ya mwanzo ya mahali hapo katika matini asilia. Tafsiri ikiisha, mwanafunzi mwingine huchukua orodha hiyo na kuyafuata marejeo moja moja katika Kiswahili. Asipokuta maneno yenye maana ileile, rejeo limepotea. Muswada ukiongezewa kifungu katikati, orodha husomwa upya tangu mwanzo, hata kama ni usiku.