Upendeleo wa walionusurika

Upendeleo wa walionusurika ni kosa la kujenga hoja kwa kuwatazama waliofaulu tu, ilhali walioshindwa wamekwisha kutoweka machoni. Chukua kitabu cha Jim Collins, Good to Great (2001). Kati ya kampuni 1,435 za Marekani, watafiti wake waliteua 11 ambazo hisa zake zilipanda sana, kisha wakatafuta sifa zao za pamoja. Walizilinganisha na kampuni nyingine, na hilo ni jema. Lakini uteuzi ulifuata matokeo yenyewe, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha ustadi na bahati. Kipimo cha haki ni kuteua kampuni kwa sifa zao kwanza, kisha kusubiri matokeo. Na matokeo ya baadaye hayakuwa mema kwa zote: mwaka 2008, Circuit City, mojawapo ya zile 11, ilifilisika.