Pikipiki ya bodaboda: kukodi kwa siku au kununua kwa lipa pole pole?

Ukitaka kuanza kazi ya bodaboda Kakuma au Kalobeyei na huna pesa za kununua pikipiki mara moja, una njia mbili. Unaweza kukodi ya mtu na kumpelekea hesabu kila siku unapofanya kazi, au kuichukua kwa mkataba wa lipa pole pole, ambapo unatoa malipo ya kwanza kisha unalipa kila siku hadi iwe yako. Makala hii inakuonyesha namna ya kupima njia hizi mbili kwa mapato ya dereva mpya. Bei tulizotumia ni za mfano. Weka zako mahali pake, hesabu ni ile ile.

Tofauti kubwa ni siku ambazo hufanyi kazi

Katika kukodi, ukiwa mgonjwa au mto Tarach ukijaa na barabara ikakatika, kwa kawaida unarudisha pikipiki na hudaiwi kitu siku hiyo. Muulize mwenye pikipiki kabla ya kuanza, kwa sababu wengine hudai hata siku za mapumziko. Katika lipa pole pole, deni linahesabiwa siku zote 30 za mwezi, Jumapili, siku ya mvua na siku ya kuuguza mtoto. Pia matengenezo yote ni yako: oili, mnyororo, breki na matairi. Ukikodi, mara nyingi wewe unaziba pancha na kufanya matengenezo madogo, na mwenyewe anashughulikia injini.

Mfano wa dereva mpya

Chukua dereva anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi. Bado hana wateja wanaompigia simu, anasubiri zamu yake kwenye steji. Anapata shilingi 1,000 kwa siku, mafuta yanakula 300, zinabaki 700. Kwa mwezi ni shilingi 18,200.

Akikodi kwa shilingi 350 kwa siku, mwenye pikipiki anachukua 9,100 kwa mwezi. Akiweka 50 kwa siku za pancha na matengenezo madogo, ni 1,300. Anarudi nyumbani na shilingi 7,800.

Akichukua lipa pole pole, tuseme malipo ya kwanza ni 30,000 na baada ya hapo 450 kila siku kwa miezi 18. Kwa mwezi analipa 13,500. Akitenga 100 kwa kila siku ya kazi kwa matengenezo, ni 2,600. Zinabaki shilingi 2,100 tu. Pesa hizo hazilishi familia, na tairi moja likipasuka zimekwisha. Dereva huyu ataanza kurudi nyuma katika malipo mapema, hata kama anafanya kazi kwa bidii.

Sasa fikiria ameshazoeleka na anapata 1,500 kwa siku, mafuta 400. Baada ya mafuta ana 28,600 kwa mwezi. Akikodi anabaki na 18,200. Kwa lipa pole pole anabaki na 12,500. Hapo mkataba unabebeka. Kilichobadilika ni wateja wake, si pikipiki.

Bei halisi ya kumiliki

Katika mfano wetu, malipo ya siku 540 pamoja na malipo ya kwanza yanafika shilingi 273,000. Kama pikipiki hiyo dukani kwa pesa taslimu ni 190,000, umelipa 83,000 zaidi kwa kupewa muda.

Ukilinganisha na kukodi, lipa pole pole inakupunguzia 5,700 kila mwezi. Kwa miezi 18 ni 102,600, na ukiongeza 30,000 za mwanzo inakuwa 132,600. Hizo ndizo ulizotoa zaidi ya mwenzako anayekodi. Ukimaliza deni, huna hesabu ya mtu, na unaokoa 7,800 kwa mwezi ukilinganisha naye. Itakuchukua miezi 17 mingine kurudisha zile 132,600, yaani karibu miaka 3 tangu siku ya kwanza. Ukiuza pikipiki kabla ya hapo, bei utakayopata inapunguza muda huo. Lakini kama pikipiki haikutunzwa na injini inakufa mwaka wa 3, faida ya kumiliki huioni.

Pima kabla ya kusaini

Kodi kwanza kwa miezi 2 au 3, na kila jioni andika mambo mawili: pesa zilizoingia na mafuta. Usiache siku mbaya. Kisha jumlisha malipo ya mkataba kwa siku 30, matengenezo, na pesa ambazo nyumba yako haiwezi kuishi bila. Gawanya kwa siku unazofanya kazi kweli.

Katika mfano wetu, malipo 13,500, matengenezo 2,600 na nyumba 8,000 ni 24,100. Gawa kwa 26, unapata kama 930. Kama daftari lako linaonyesha 930 au zaidi baada ya mafuta kwa siku ya kawaida, na bado una akiba ya malipo ya wiki 2 baada ya kutoa malipo ya kwanza, mkataba unakufaa. Kama linaonyesha 700, endelea kukodi.

Kumbuka pia kwamba bila kibali cha kusafiri, mkimbizi hawezi kufuata abiria wa mbali. Hesabu safari za humu kambini na mjini Kakuma tu.

Mambo ya kuangalia kwenye karatasi

Uliza pikipiki itasajiliwa kwa jina la nani, na kama muuzaji anakubali kitambulisho chako cha mkimbizi. Usiisajili kwa jina la rafiki kwa sababu tu ana kitambulisho cha taifa. Mkikosana, kitabu cha umiliki kitamtaja yeye, na wewe utakuwa na risiti tu.

Uliza kinachotokea ukichelewa: ni siku ngapi kabla pikipiki kuchukuliwa, na faini ni kiasi gani. Nyingi hufungwa kifaa cha kufuatilia, na nyingine zinaweza kuzimwa kutoka mbali. Uliza pia bima inalipwa na nani mwaka wa 2.

Nchini Kenya, Sheria ya Ununuzi kwa Kukodi inasema kwamba ukishalipa theluthi mbili ya bei yote ya mkataba, mwenye mali hawezi kuichukua tena bila kwenda mahakamani. Katika mfano wetu hiyo ni shilingi 182,000, na utaifikia siku ya 338 hivi, yaani mwezi wa 12. Kabla ya hapo uko hatarini zaidi. Lakini kampuni nyingine hutoa mkopo wa kawaida na kuishika pikipiki kama dhamana, na huo una masharti yake. Uliza mkataba wako ni wa aina gani, na utunze kila ujumbe wa malipo kwenye simu.

Mwenye pikipiki binafsi akikuambia, "Nipelekee hesabu mwaka mzima, kisha itakuwa yako," huko si kukodi tena. Hiyo ni lipa pole pole bila karatasi. Mwambie muandike jumla ya kulipa, tarehe ya mwisho na siku ya kubadilisha jina, mbele ya shahidi wa kila upande. Akikataa kuandika, mlipe kama unayekodi tu, kwa bei ya kukodi.