Kutoka Sufu za Holmgren hadi Skrini: Historia ya Kutathmini Ishara Zinazotegemea Rangi Pekee

1. Utangulizi

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 1875, treni mbili ziligongana uso kwa uso karibu na Lagerlunda, nchini Uswidi, na watu tisa wakapoteza maisha. Frithiof Holmgren, profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Uppsala, alidai kuwa huenda chanzo kilikuwa upofu wa rangi: mtumishi wa treni alishindwa kutofautisha taa ya hatari na taa ya usalama. Dai hilo halikuweza kuthibitishwa, kwa kuwa dereva alifariki katika ajali hiyo na macho yake hayakupimwa. Watafiti wa baadaye waliorejea kumbukumbu za kesi hiyo wametilia shaka maelezo ya Holmgren. Hata hivyo, hoja yake ilikubalika, na upimaji wa macho ya watumishi wa reli ukaenea Ulaya na Marekani.

Makala haya yanajadili namna swali lililoulizwa baada ya Lagerlunda lilivyobadilika. Mwanzoni lilihusu mtu: je, anaiona rangi? Baadaye lilihusu ishara yenyewe: je, maana yake inabaki rangi ikiondolewa? Hoja kuu ni kwamba swali la pili haliwezi kujibiwa vizuri bila kuzingatia funzo la kimbinu lililopatikana katika kujibu lile la kwanza.

2. Funzo la sufu

Ugumu wa kuutambua upofu wa rangi ulidhihirika mapema katika maisha ya mwanakemia Mwingereza John Dalton. Alikuwa na umri wa takribani miaka 26 alipogundua kuwa ua ambalo wenzake waliliona la waridi, yeye aliliona la buluu mchana na jekundu kwa mwanga wa mshumaa. Aliwasilisha maelezo yake mjini Manchester mwaka 1794. Ilikuwaje mtu makini kama yeye asijue hali yake kwa miaka yote hiyo? Sababu ni kwamba majina ya rangi hufunzwa pamoja na vitu. Mtoto huambiwa kuwa majani ni ya kijani na damu ni nyekundu, naye hutamka jina sahihi hata kama macho yake hayaoni tofauti iliyokusudiwa. Pale jina linapokosa kitu cha kuliegemea, hukisia kwa kutazama wepesi au uzito wa rangi.

Holmgren aliuzingatia ukweli huo. Hakumtaka mtahiniwa ataje rangi yoyote. Alimpa kishada kimoja cha nyuzi za sufu za kijani hafifu, kisha akamwelekeza achague kutoka katika rundo vishada vyote vinavyofanana nacho. Mwenye upofu wa rangi nyekundu na kijani alichanganya humo sufu za kijivu, za hudhurungi au za waridi bila kusita. Mwaka 1876, katika reli ya Uppsala hadi Gävle, Holmgren aliwapima watumishi 266 na kuwabaini 13 wenye upungufu. Kilichowabaini ni kazi waliyopewa. Maelezo yao wenyewe yasingetosha.

3. Ishara nayo yapimwa

Upimaji huo uliwaondoa watu kazini, lakini uliiacha ishara ilivyokuwa. Ishara ya reli iliyotumia mkono wa mbao au chuma ilikuwa na sifa moja muhimu: mchana, maana yake ilisomwa kwa mkao wa mkono. Giza lilipoingia mkono haukuonekana, na maana ikabebwa na rangi ya taa peke yake. Kwa hiyo ishara ileile ilimfaa mtu mchana na kumpoteza usiku.

Mwaka 1915 kampuni ya reli ya Pennsylvania, nchini Marekani, ilianza kutumia ishara za taa zenye rangi moja zilizopangwa kwa safu. Safu ya wima iliruhusu treni kupita, safu ya mlalo iliisimamisha, na safu ya mshazari ilitoa tahadhari. Lengo la msingi lilikuwa ishara ionekane vizuri, lakini matokeo yake ni kwamba mkao wa mchana ulirejeshwa usiku.

Tofauti hiyo ingali hai. Taa tatu za barabarani husomeka kwa nafasi zake, nyekundu ikiwa juu na kijani chini. Taa moja ya chaja inayogeuka kutoka nyekundu kuwa kijani haina nafasi ya kusomwa, na mtumiaji mwenye upungufu hulazimika kukisia kama betri imejaa.

4. Mfano wa skrini

Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, uliweka kanuni dhidi ya kutegemea rangi pekee tangu toleo la kwanza la mwaka 1999. Katika toleo la 2.0 la mwaka 2008 kanuni hiyo ina namba 1.4.1. Kanuni haikatazi rangi. Inataka rangi isiwe njia pekee ya kufikisha habari.

Tuchukulie jedwali la kubuni la pampu tano za maji, kila moja ikiwa na kitone: chekundu `#FF0000` kwa iliyosimama na cha kijani `#008000` kwa inayofanya kazi. Hatua ya kwanza ni kukokotoa kama vitone hivyo vinatofautiana kwa mng'aro. Kwa kanuni ya WCAG, mng'aro wa nyekundu hiyo ni 0.2126 na wa kijani ni 0.1544:

```
(0.2126 + 0.05) / (0.1544 + 0.05) ≈ 1.28
```

Ufafanuzi wa kanuni hukubali tofauti ya mng'aro kuwa kiashirio cha ziada inapofika angalau 3:1. Uwiano wa 1.28:1 uko chini mno, hivyo jedwali limeshindwa.

Hesabu hiyo ina mpaka wake. Imejengwa juu ya macho ya kawaida, ilhali mtu asiye na seli zinazopokea mawimbi marefu ya mwanga huiona nyekundu ikiwa nyeusi zaidi kuliko namba zinavyosema. Kwake maandishi mekundu juu ya usuli mweusi yanaweza kufifia. Ndiyo maana hatua ya pili ni kuigiza uoni huo kwa programu, kwa mbinu kama ile iliyochapishwa na Brettel, Viénot na Mollon mwaka 1997. Nayo huonyesha hali ya kukosa kabisa aina moja ya seli, wakati wengi wenye upungufu wana seli zote tatu, moja ikiwa imebadilika.

Hatua ya tatu inarudi kwa Holmgren. Mshiriki mwenye upofu wa rangi haulizwi, "Je, unaona rangi hizi?" Anaambiwa, "Taja pampu zilizosimama," na majibu yake hulinganishwa na ukweli. Swali la kwanza litapata jibu la ndiyo, kwa sababu zilezile zilizomficha Dalton hali yake.

Marekebisho nayo hupimwa kwa kazi hiyohiyo. Kosa la mara kwa mara ni kuongeza maneno kwenye ufunguo pekee: "nyekundu: imesimama". Msomaji bado anapaswa kulinganisha rangi ya kitone na ya ufunguo. Marekebisho ya kweli huweka tofauti mahali habari ilipo: msalaba na neno "imesimama" kwenye safu ya pampu husika, na katika grafu ya mistari, jina huandikwa mwishoni mwa kila mstari.

5. Hitimisho

Baada ya Lagerlunda, mzigo wa kosa la ishara uliwekwa juu ya macho ya mtumishi, na watu walipoteza ajira kwa hoja ambayo ushahidi wake haukukamilika. Kanuni ya sasa imeuhamishia mzigo huo kwa mbunifu wa ishara. Lakini mbunifu anayeridhika na hesabu ya mng'aro au picha ya kuigiza bado hajajua kama jedwali lake linasomeka. Hilo hujulikana pale msomaji anapopewa kazi, naye akazitaja pampu zilizosimama bila kukosea.